Barua kwa Anayekudai

Neno la wiki: Mathayo 18:21-35 na Filemoni 1:18-19



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya barua. Si waraka wa mtume, ingawa nao tutaugusa. Ni barua ya kawaida, ya ukurasa mmoja, ambayo mwenye duka anamwandikia saplaya wake akisema: nimechelewa kukulipa, siwezi kulipa yote kwa mara moja, naomba nilipe kidogo kidogo. Wengi wetu tumewahi kuhitaji kuiandika barua hiyo tukashindwa, tukazima simu badala yake. Swali ninaloleta ni hili: mtu aliyeokoka, anayeamini Mungu wa miujiza, anaruhusiwa kuahidi nini katika barua kama hiyo?

Dada mmoja wa kanisa letu amenipa ruhusa nisimulie habari yake bila kutaja jina. Ana duka la vyakula: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Saplaya wake alikuwa akimletea mzigo kwa mkopo wa siku 30. Kwa miaka kadhaa alilipa vizuri. Halafu invoisi tatu zikapita siku zake, moja baada ya nyingine, na mtu wa mauzo akaanza kupiga simu. Mara ya kwanza alimwambia kesho. Mara ya pili akasema wiki ijayo. Baada ya hapo, kila akiona ile namba anaiacha simu iite mpaka inyamaze. Wiki tatu zilipita hivyo. Akija kwenye maombi ya Jumatano analia, na sisi tunafikiri ni upako.

Siku moja alikuja ofisini na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika barua kwa saplaya na alitaka tuiombee kabla hajaipeleka. Nikaisoma. Ilisema uchumi umekuwa mgumu kwa kila mtu, na kwamba kwa neema ya Mungu atalipa deni lote, shilingi 186,000, kufikia mwisho wa mwezi ujao.

Nikamuuliza, "Mama, hizi pesa ziko wapi?"

Akanijibu, "Pasta, ziko kwa Mungu."

Nikamuuliza tena, "Na saplaya akifika mwisho wa mwezi, azifuate huko?"

Alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu mahubiri niliyohubiri Jumapili mbili kabla ya hapo ndiyo yaliyomfundisha kuandika vile.

Hebu tufungue Mathayo 18. Mfano huu tumezoea kuuhubiri kama somo la kusamehe, na ndivyo ulivyo. Lakini ndani yake kuna watu wawili wenye madeni, na wote wawili wanaomba kitu kile kile kwa maneno karibu yale yale. Wa kwanza anaanguka mbele ya mfalme na kumwomba avumilie, naye atalipa yote. Wa pili anaanguka mbele ya yule wa kwanza na kumwomba avumilie, naye atalipa. Ukisikiliza sauti tu huwezi kuwatofautisha. Sasa chukua kalamu upige hesabu.

Wa kwanza anadaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, kama tunavyoona kwa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Kwa hiyo deni lake ni kazi ya siku milioni 60. Hata angefanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula wala kuvaa, angehitaji miaka 200,000. Huyu mtu anapomwambia mfalme kwamba atalipa yote, hasemi ukweli. Labda hataki kudanganya. Labda hofu ndiyo inayosema. Lakini ameahidi jambo ambalo halimo mikononi mwake wala haliwezi kuingia. Na tazameni, mfalme hakukubali mpango wake wa malipo. Alimhurumia akamfutia lote. Alijua ile ahadi haikuwa na kitu ndani.

Wa pili anadaiwa dinari 100. Hiyo ni kazi ya siku 100, kama miezi minne ya vibarua. Akipewa nafasi atalipa. Anatamka ombi lile lile, lakini katika kinywa chake ni ombi la kweli.

Tofauti kati ya hawa wawili haiko kwenye machozi wala kwenye imani. Iko kwenye hesabu. Ahadi moja inaweza kutimizwa, nyingine haiwezi. Na hilo ndilo neno langu la leo: kabla barua ya kuomba muda haijawa ya heshima au ya kiroho, ni lazima kwanza hesabu yake iwe ya kweli.

Najua kuna anayeuliza, "Pasta, imani iko wapi sasa? Mungu si anaweza kuleta hizo pesa kwa siku moja?" Anaweza. Mimi mwenyewe nimeona akifanya. Lakini angalia ni nani anayebeba hatari. Nikisema naamini Mungu atanipa shilingi 186,000, halafu nikafunga na kungoja, ninayengoja ni mimi. Nikimwandikia saplaya kwamba atalipwa tarehe 30, naye akiamini maandishi yangu akaahidi watu wake malipo kwa tarehe hiyo, basi nimeichukua pesa yake nikaiweka madhabahuni bila kumwuliza. Imani ni yangu, hasara ni yake. Waswahili husema ahadi ni deni. Yule dada alikuwa na deni moja la pesa, na barua ile ingemwongezea la pili.

Yakobo sura ya 4 inatufundisha tusijisifie kesho, tuseme Bwana akipenda. Sisi tumeligeuza neno hilo kuwa mlango wa nyuma. Tunataja kiasi kikubwa tusichoweza, tunaongeza "Mungu akipenda", na tukishindwa inaonekana kana kwamba ni Mungu aliyekataa. Mtume alikuwa anatushusha tuahidi kidogo. Hakuwa anatupa njia ya kuahidi kikubwa bila kuwajibika.

Basi tuliiweka ile barua kando na tukaanza mahali Elisha alipoanzia na yule mjane katika Wafalme wa Pili sura ya 4. Kabla ya muujiza wowote nabii alimwuliza ana nini nyumbani. Na mafuta yalipopatikana, agizo lilikuwa na mpangilio: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Nikamwomba dada alete daftari la duka, invoisi zote, na ujumbe wote wa M-Pesa wa miezi mitatu.

Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba hata deni lenyewe hakulijua sawasawa. Invoisi zilikuwa za shilingi 72,000, 64,000 na 50,000, jumla 186,000. Lakini kulikuwa na marobota ya unga yaliyofika yakiwa yamelowa, akayarudisha na dereva akatia sahihi kwenye karatasi. Thamani yake ilikuwa 6,000, na haikuwa imeondolewa. Kwa hiyo deni la kweli lilikuwa 180,000. Hii si hesabu ya ubahili. Barua ya kukiri deni ikishatiwa sahihi ni ushahidi. Kwa sheria ya Kenya, dai la mkataba lina muda wa miaka 6 kufikishwa mahakamani, na ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, muda huo unaanza kuhesabiwa upya. Sisemi hivyo ili uogope kuandika. Nasema ujue unachokiri, ukikiri kwa shilingi zilizo sahihi, na kama kuna kiasi mnachobishania ukitaje wazi kabla ya sahihi.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Deni lilitoka wapi? Barua ya kwanza ilisema uchumi. Daftari lilisema mambo mawili. Shule moja ilichukua chakula cha shilingi 110,000 muhula uliopita na haikuwa imelipa. Hilo linaeleweka, kila mwenye duka anayeuzia shule analijua. La pili, kulikuwa na shilingi 50,000 zilizotolewa kwenye droo ya mauzo kwa siku moja. Nikamuuliza zilienda wapi. Aliniangalia kwa muda kabla ya kujibu.

"Pasta, ni ile ahadi ya ujenzi."

Nilikumbuka siku hiyo. Aliahidi 80,000 za mabati, akalipa 50,000 wiki ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipaza sauti. Tulipiga makofi, na hakuna mzee hata mmoja aliyemuuliza kama hiyo ni faida au ni mali ya mtu mwingine.

Wapendwa wenye biashara, hapa naomba tuelewane. Duka linapouza 25,000 kwa siku, hizo si pesa za mwenye duka. Katika duka la vyakula faida ni kama shilingi 10 kwa kila 100. Kwa hiyo katika zile 25,000, kama 2,500 ndizo zake, na 22,500 ni za kurudisha mzigo. Kama mzigo ulikuja kwa mkopo, zile 22,500 ni za saplaya, ziko kwenye droo yako tu zikipita. Fungu la kumi hutoka kwenye faida. Sadaka ya ujenzi hutoka kwenye faida. Ukitoa kwenye zile nyingine, ni saplaya aliyetoa sadaka, naye hakuwa ibadani.

Sasa likaja swali ambalo lilituchukua jioni nzima. Je, ni lazima amwambie saplaya kuhusu zile 50,000? Si angetaja tu shule? Shule ni kweli. Hatadanganya.

Mimi nilijibu hivi. Anayekudai hana haki ya kujua kila kitu cha nyumba yako. Ugonjwa wa mtoto wako, mambo ya ndoa yako, hayo unaweza kuyaacha. Lakini ana haki ya kujua yale yatakayomsaidia kuamua kama akungoje au asikungoje. Ukimwambia ni shule tu, atafikiri duka ni zima na tatizo ni mteja mmoja. Hatajua kwamba mwenye duka alikuwa akitoa pesa kwenye droo. Atakungoja kwa kutumia picha isiyo kamili, na picha hiyo umemchorea wewe. Basi alipaswa kusema kwamba alitoa pesa za mauzo, ni kiasi gani, na kwamba lilikuwa kosa lake. Si lazima ataje zilikokwenda. Akitaja kanisa ataonekana anatafuta sifa, au anamlaumu mchungaji. Anayestahili kulaumiwa atajilaumu mwenyewe, kama ninavyofanya kwenye ukurasa huu.

Baada ya ukweli wa deni tukatafuta ukweli wa uwezo. Faida ya duka kwa siku 26 za kazi ni kama 65,000. Kodi ya chumba ni 15,000. Kijana wa duka analipwa 12,000, na mshahara wake hauguswi, kwa sababu hatuwezi kumlipa saplaya kwa jasho la kibarua. Umeme, usafiri na leseni ni kama 6,000. Inabaki 32,000. Chakula cha nyumbani na fungu la kumi ni 12,000. Kinachobaki ni 20,000 kwa mwezi, au kama 4,600 kwa wiki.

Dada alitaka kuandika 10,000 kwa wiki. Alisema 4,000 ni aibu, saplaya atamcheka. Nikamwambia saplaya hatacheka malipo, atacheka malipo yanayokoma. Wanaokusanya madeni wameona ahadi kubwa nyingi. Ahadi kubwa hulipwa mara mbili, mara ya tatu inakuja nusu, mara ya nne simu imezimwa. Na tangu siku ile ya nne barua yote haina maana, hata sehemu zilizokuwa za kweli. Ndiyo maana hatukuandika hata zile 4,600. Tuliandika 4,000, ili 600 zibaki kwa wiki mbaya, wiki ya msiba au ya shule kufungwa. Kiasi cha kuahidi ni kile unachoweza kulipa katika wiki mbaya. Kile cha wiki nzuri unaweza kukiongeza bila kuahidi.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi mkononi. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika na alikuwa ameshapokea 40,000. Alikuwa amepanga kuzinunulia mzigo kwa saplaya mwingine, mpya, ambaye hajui habari zake. Hili ni jaribu ambalo wenye maduka mtalitambua: unamkimbia anayekudai, unaanza upya na mwingine kwa mkopo, na unaita hiyo kufunguliwa mlango. Kwa kweli ni shimo lile lile unalichimba upande wa pili. Tukakubaliana zile 40,000 ziwe malipo ya kwanza, na zitajwe kwenye barua kwa sababu zilikuwepo tayari. Zile 110,000 za shule, je? Hizo hazikuwepo. Tukaziweka mahali pake: haziingii kwenye hesabu ya ahadi, lakini kuna ahadi juu yake siku zitakapofika.

Barua ya mwisho ilikuwa hivi:

KUH: OMBI LA KULIPA DENI LA SHILINGI 180,000 KWA AWAMU

Bwana Meneja,

Nakiri kwamba duka langu linadaiwa na kampuni yako shilingi 180,000, kwa invoisi tatu za jumla ya 186,000, ukitoa 6,000 za unga uliorudishwa. Nakala zote zimeambatanishwa. Invoisi ya kwanza imepitisha siku yake kwa siku 44. Kwa wiki tatu sikupokea simu zenu. Hilo lilikuwa kosa na naomba msamaha.

Nimefika hapa kwa sababu mbili. Shule ninayoiuzia chakula haijanilipa 110,000 za muhula uliopita. Pia nilitoa 50,000 kwenye pesa za mauzo kwa jambo langu binafsi. Hilo la pili ni kosa langu, na nimeacha kutoa pesa kwenye mauzo.

Ninaahidi haya. Nitalipa 40,000 siku mtakayokubali ombi hili. Pesa hizo ninazo. Zitakazobaki, 140,000, nitalipa 4,000 kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana, kwa M-Pesa, kwa wiki 35. Shule ikilipa kiasi chochote, nusu yake nitawaletea ndani ya siku mbili, na wiki zitapungua. Mzigo mpya nitanunua kwenu kwa pesa taslimu tu mpaka deni liishe. Ikiwa Jumatatu yoyote nitapungukiwa, nitawapigia Jumamosi kabla yake na nitalipa kilichopo.

Siwezi kuahidi siku ambayo shule italipa, na sijaihesabu katika mpango huu. Siwezi kuahidi zaidi ya 4,000 kwa wiki.

Naomba mniuzie mzigo kwa taslimu wakati huu, kwa sababu duka likifungwa sitaweza kulipa. Naomba jibu lenu kwa maandishi. Mkikataa nitaelewa, na deni litabaki kuwa langu.

Hesabuni "ninaahidi" na "siwezi kuahidi" katika barua hii. Zote mbili ziko pale kwa makusudi. Mtu anayekiri asichoweza ndiye anayeaminika katika kile anachosema anaweza. Na lile neno la mwisho, kwamba mkikataa nitaelewa, lilikuwa gumu kwake. Alitaka kumkumbusha saplaya kwamba Wakristo husameheana. Nikamwambia hapana. Msamaha wa mfalme katika Mathayo 18 ulitoka kwa mfalme, mtumishi hakuudai. Saplaya naye ana magari ya kujaza mafuta na wafanyakazi wa kulipa, na huenda naye ana barua yake ya kuandika. Ana haki ya kusema hapana bila kuitwa mtu mbaya. Ukimwomba mtu kwa namna ambayo hawezi kukataa, hujamwomba, umemlazimisha kwa lugha ya Biblia.

Aliipeleka mwenyewe, kwa mkono. Nafikiri hapo Paulo alikuwa pamoja naye. Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, alikuwa kifungoni, lakini alisema kama kuna deni liandikwe kwake, na akataka ijulikane kwamba ameliandika neno la kulipa kwa mkono wake mwenyewe. Mtume aliyeandika mambo makubwa ya mbinguni hakuona ni jambo dogo kuweka mkono wake chini ya deni.

Meneja hakukubali vyote. Alitaka 6,000 kwa wiki. Dada alifungua daftari akamwonyesha ile hesabu ya 4,600, akakataa kwa upole. Kuhusu pesa za shule, meneja alitaka robo tatu badala ya nusu. Hilo aliliona ni haki, akakubali. Meneja akaandika mabadiliko chini ya barua, wote wawili wakatia sahihi, na zile 40,000 zikalipwa siku hiyo.

Wiki ya tisa ilikuwa mbaya. Mtoto alilazwa siku mbili. Jumamosi akapiga simu, akasema Jumatatu atakuwa na 2,500. Jumatatu akatuma 2,500, na Jumatatu iliyofuata akatuma 5,500. Aliniambia kwamba kuipiga simu ile ya Jumamosi kulikuwa kugumu kuliko kuandika barua, maana kidole kilitaka kuzima simu kama zamani. Wiki ya kumi na sita shule ilitoa 60,000. Siku ya pili yake 45,000 zikaenda kwa saplaya. Kufikia hapo alikuwa amelipa 149,000. Leo ninapoandika zimebaki 31,000, yaani Jumatatu nane, ya mwisho ikiwa ya 3,000.

Kanisa nalo lilikuwa na la kufanya. Dada hakutaka arudishiwe zile 50,000. Lakini zilibaki 30,000 za ahadi yake ya mabati, na wazee tulimwachilia asizilete mpaka saplaya alipwe shilingi ya mwisho. Na tumekubaliana kwamba siku ya ahadi za ujenzi, mwenye biashara akisimama, kabla ya makofi ataulizwa swali moja: hiyo ni faida, au ni ya mtu?

Kama una simu unayoiacha iite, unajua ni namba ya nani. Kabla ya Jumapili ijayo lete daftari, si barua. Ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane, nasi tutaanza na hesabu.

Baba, katika jina la Yesu, utusamehe ahadi tulizoandika kwa jina lako bila pesa ndani yake. Utupe ujasiri wa kupokea simu. Ndiyo yetu iwe ndiyo, hata ikiwa ni ya shilingi 4,000. Amina.